Kuvundika: parachichi gumu, ndizi mbivu na pakiti ya unga

Kuvundika ni kuyafungia matunda yaliyokomaa ili yaive upesi kuliko yakiachwa wazi. Zamani mkungu wa ndizi ulitiwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na wengine waliwasha moto wa moshi pembeni. Ukikaa ghorofa ya nne Kayole shimo huna, lakini pakiti tupu ya unga wa ugali, ile ya karatasi ya kilo 2, hufanya kazi hiyo hiyo.

Siri iko kwenye gesi. Parachichi, ndizi na peasi hutoa gesi iitwayo ethilini wakati wa kuiva. Gesi hiyo ndiyo inayolilainisha tunda, na kwenye ndizi ndiyo inayoanzisha wanga kugeuka sukari. Tunda likishaanza kuiva hutoa ethilini nyingi zaidi, nayo huzidi kuliivisha. Mezani gesi hupeperuka. Mfukoni hubaki na kulizunguka tunda. Na wale wazee wa moshi hawakukosea, kwani moshi wa kuni una ethilini.

Karatasi inafaa kuliko plastiki kwa sababu inapumua. Tunda linaloiva linahitaji oksijeni na linatoa unyevu. Ukilifungia kwenye plastiki, jasho hujaa ndani, ukungu huota na ladha huharibika.

Tuseme ni Jumatano, umenunua maparachichi manne Kangemi, magumu kama mawe, na Jumamosi una wageni wa mchana. Kung'uta pakiti unga uishe, tia maparachichi mawili pamoja na ndizi moja mbivu iliyoanza madoa, kunja mdomo mara mbili, uweke kabatini. Mawili mengine yaache mezani, mbali na pakiti. Ndizi ndiyo chachu hapa: parachichi gumu hutoa gesi kidogo mno mwanzoni, ilhali ndizi mbivu inaimwaga tayari. Tofaa bivu pia hufaa. Kwa kawaida ya pakitini huwa tayari baada ya siku mbili au tatu, na ya mezani huchukua nne hadi saba, kwa hiyo wageni watakula ya kwanza na wewe utabaki na yako ya wiki ijayo. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, anza siku moja au mbili mapema. Ila usiharakishe kwa kuyaweka karibu na jiko au dirishani penye jua: joto likipita nyuzi 30, parachichi huiva vibaya, huku laini kule gumu.

Anza kuyakagua Ijumaa asubuhi. Usibonyeze kwa kidole gumba, maana kila alama ya kidole itakuwa doa jeusi ndani. Lishike kwa kiganja. Likikubali kidogo karibu na kikonyo, liko tayari. Parachichi la aina ya Hass hugeuka zambarau iliyokolea, lakini la aina ya Fuerte hubaki kijani hata likiiva, kwa hiyo rangi isikudanganye. Kuna wanaong'oa kikonyo ili wachungulie rangi ya chini yake. Mimi siwafuati, kwa sababu hapo unafungulia kuvu mlango.

Kuvundika hakukomazi tunda. Parachichi lililochumwa changa, hata ulifungie wiki mbili, litanyauka ngozi na nyama yake itabaki kama mpira, maji maji, bila mafuta. Ukiona ngozi imeanza kukunjamana na ndani bado ni gumu, kosa si la pakiti. Aliyelichuma aliwahi mno.

Kuchelewesha ni kinyume cha hayo yote: toa ndizi, fungua hewa, tenganisha mabivu na mabichi. Parachichi likishalainika liweke kwenye friji, na litakungoja siku mbili tatu hivi. Likiwa bado gumu usilitie humo, kwani baridi kali huweza kuliumiza, nyama ikawa ya kijivu na lisiive sawasawa. Ndizi ni nyepesi zaidi kuumia. Ndizi ya kijani ikikaa chini ya nyuzi 13 ganda huwa la kijivu na tunda halifikii utamu wake. Ndizi mbivu ganda litakuwa jeusi kwenye friji, lakini menya tu, ndani ni nzima.

Peasi ndilo lenye hila, kwa sababu huiva kutoka ndani kuja nje. Ukingoja tumbo lilainike, katikati kumeshageuka uji wa kahawia. Bonyeza polepole shingoni, karibu na kikonyo, na ikilegea kidogo lile siku hiyo au ulitie kwenye friji.

Mwenye mti wa parachichi shambani ana njia rahisi kuliko sisi. Parachichi haliivi likiwa mtini, na lililokomaa linaweza kuning'inia huko wiki kadhaa. Anachuma ya wiki moja, mengine anayaacha juu.