Jina, Tarehe na Barua ya Mtaa

Kitambulisho ni changu na sura ni yangu. Kwa nini benki inanirudisha kwa herufi moja tu ya jina?

Nchini Tanzania, mteja anapofungua akaunti kwa namba ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, alama ya kidole chake hulinganishwa na kumbukumbu za mamlaka hiyo, na majina yanayorudi kwenye kompyuta ndiyo yanayobeba akaunti. Afisa wa benki hana ruhusa ya kuyasahihisha. Kazi yake ni kuona kama nyaraka nyingine zinamtaja mtu huyohuyo, na kama hazimtaji, kueleza kwa maandishi sababu yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. NIDA inamtaja Mwanaidi Juma Salehe, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1991. Hati yake ya kusafiria imeanza na Salehe, jambo ambalo halina tatizo, kwa kuwa hati hiyo hutenga jina la ukoo na majina mengine. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaid Juma Saleh. Matamshi ni yaleyale, lakini maandishi yametofautiana, na kwa kawaida benki humwomba mteja kiapo mbele ya wakili kinachothibitisha kwamba majina yote mawili ni yake. Kama angekuwa amechukua jina la mume, kiapo hicho pekee huenda kisingetosha. Cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina ingehitajika.

Tarehe ina njia rahisi ya kuhakikiwa, kwani tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ya Mwanaidi lazima ianze na 19910312. Fomu ikisoma 3 Desemba 1991, afisa makini atatambua mara moja kwamba siku na mwezi vimepishana, na hilo si dogo hata kidogo: wako akina Juma Salehe wengi, na benki inapolinganisha wateja na orodha za watu waliowekewa vikwazo, tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayomtofautisha mtu na wajina wake.

Anwani ndiyo ngumu zaidi. Kwa kuwa umeme wa LUKU hulipiwa kabla, kaya nyingi hazina bili ya umeme ya kila mwezi, na mpangaji aghalabu hana bili ya maji yenye jina lake. Hubaki barua ya serikali ya mtaa. Hapo hutazamwa kama jina limeandikwa kama lilivyo NIDA, kama tarehe ni ya karibuni, na kama muhuri umepita juu ya picha na karatasi kwa pamoja, kwa sababu muhuri ulioishia pembeni mwa picha hauzuii picha kubanduliwa na kubandikwa nyingine. Mashaka yakibaki, afisa huulizia kwenye ofisi ya mtaa wenyewe, si kwa namba ya simu aliyopewa na mteja.