Dokezo la kusindikiza taarifa kwa Mwenyekiti wa Bodi: uamuzi gani, na mwisho lini

Taarifa ya ununuzi wa mbegu inaweza kuwa na kila kitu, ikamfikia Mwenyekiti wa Bodi mwanzoni mwa Novemba, na bado mvua ikaanza kunyesha ghala la chama likiwa tupu. Mara nyingi kosa haliko ndani ya taarifa. Liko kwenye karatasi moja iliyowekwa juu yake, ile inayosema: "Tafadhali pokea taarifa tajwa hapo juu kwa hatua zako zaidi." Mwenyekiti akiisoma hajui kama anatakiwa kuitisha kikao, kutia saini mahali, au kuiweka kwenye jalada mpaka kikao cha kawaida cha robo mwaka.

Nitaonyesha namna ya kuandika karatasi hiyo kwa mfano wa AMCOS ya wakulima wa alizeti wilayani Kongwa. Chama ni cha kubuni na bei ni za mfano, lakini hesabu ya siku ni ileile anayoifanya meneja yeyote wa ushirika Dodoma au Singida, kwa sababu huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, na aliyechelewa Desemba hana msimu wa pili wa kukimbilia.

Wanachama wamejiandikisha kulima ekari 400. Kwa kilo mbili za mbegu chotara kila ekari, chama kinahitaji kilo 800. Profoma ya msambazaji inasema Sh 35,000 kwa kilo, jumla Sh 28,000,000. Wanachama wenye ekari 280 wameshalipa, na benki kuna Sh 19,600,000 zao. Zimepungua Sh 8,400,000 za ekari 120 ambazo wenyewe hawajalipa. Mfuko wa Pembejeo wa chama una Sh 11,250,000. Swali la Bodi ni moja: je, mfuko uwakopeshe hao wa ekari 120, warejeshe kwa makato wakati wa mauzo, au chama kinunue za waliolipa tu?

Kabla ya kuandika hata neno moja, hesabu siku kwa kurudi nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Profoma ilitolewa 20 Oktoba na ina siku 30, kwa hiyo inaisha nguvu 19 Novemba. Meneja anaitazama tarehe hiyo na kumwandikia Mwenyekiti kwamba uamuzi unahitajika "kabla ya 19 Novemba". Hiyo ni tarehe ya msambazaji. Ya Bodi ni nyingine, na huipati mpaka uanze na siku ambayo mbegu lazima ziwe ghalani.

Tuseme mbegu ziwe ghalani Ijumaa, 5 Desemba, ili wanachama wa vijiji vya mbali wazichukue kabla mashamba hayajawa tayari kupandwa. Msambazaji anafikisha mzigo ndani ya siku 14 tangu fedha ziingie kwenye akaunti yake, kwa hiyo fedha ziwe zimeingia Ijumaa, 21 Novemba. Hati ya malipo inahitaji watia saini wawili, na kati ya saini na fedha kufika tenga siku tatu za kazi. Tumerudi Jumanne, 18 Novemba, na oda itoke siku hiyohiyo, profoma ikiwa bado hai. Ukiacha Jumatatu ya kuandaa nyaraka, siku ya mwisho ya Bodi kukaa ni Ijumaa, 14 Novemba. Masharti ya chama chetu cha mfano yanataka mwito wa kikao utoke siku saba kabla, yaani Ijumaa, 7 Novemba. Mwito unatolewa kwa ridhaa ya Mwenyekiti, kwa hiyo jibu lake lipatikane Alhamisi, tarehe 6. Anahitaji siku mbili tatu za kusoma. Dokezo limfikie Jumatatu, 3 Novemba.

Tazama sasa: kutoka 19 Novemba iliyoandikwa kwenye profoma tumefika 6 Novemba. Hizo siku kumi na tatu ndizo zinazopotea chama kinapoandika tarehe ya kwanza iliyoonekana kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Hesabu hiyo pia inafichua jambo ambalo dokezo la kawaida linalifunika: kuna maombi mawili kwa watu wawili tofauti. Mwenyekiti anaombwa kuitisha kikao, mwisho 6 Novemba. Bodi inaombwa kuidhinisha ununuzi, mwisho 14 Novemba. Ukimwandikia Mwenyekiti "naomba uidhinishe", akaandika "Nimeidhinisha" pembeni na kutia saini, hujapata uamuzi wa Bodi. Umepata saini ya mtu mmoja mahali ambapo masharti yanataka azimio la kikao chenye akidi, na mkaguzi atakapokuja hoja itakuwa yako na yake.

Dokezo lenyewe liwe hivi:

> Kwa: Mwenyekiti wa Bodi
> Kutoka: Meneja
> Tarehe: Jumatatu, 3 Novemba 2025
>
> YAH: KIKAO CHA DHARURA CHA BODI, IJUMAA 14 NOVEMBA 2025, KUIDHINISHA UNUNUZI WA KILO 800 ZA MBEGU YA ALIZETI
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> Nakuomba uitishe kikao cha dharura cha Bodi siku ya Ijumaa, 14 Novemba, na unipe jibu lako kabla ya saa kumi jioni Alhamisi, 6 Novemba, ili mwito utoke kesho yake.
>
> Bodi itaombwa kuamua jambo moja: kununua kilo 800 za mbegu chotara kwa Sh 28,000,000. Kati ya hizo, Sh 19,600,000 ni michango ya wanachama iliyoko benki, na Sh 8,400,000 zitatoka Mfuko wa Pembejeo. Fedha za mfuko zimo kwenye makisio ya mwaka huu. Chama hakikopi nje.
>
> Napendekeza Bodi iidhinishe. Njia nyingine ni kununua kilo 560 za waliolipa tu, ekari 120 zitabaki bila mbegu ya chama (uk. 9).
>
> Bodi isipoamua siku hiyo, oda haitatoka kabla profoma haijaisha nguvu 19 Novemba. Itabidi kuomba bei upya, na mbegu hazitafika 5 Desemba.
>
> Mambo mawili uyajue mapema. Tuliomba bei kwa wasambazaji watatu, wakajibu wawili (uk. 6). Na msimu ukiharibika, marejesho ya Sh 8,400,000 yatachelewa, mfuko utabaki na Sh 2,850,000 (uk. 11).
>
> Rasimu ya azimio iko uk. 2 wa taarifa.
>
> Nawasilisha kwa maelekezo yako.

Maneno ya mwisho yana uzito wake. "Kwa taarifa yako" yanamwambia msomaji hakuna anachodaiwa, na taarifa itaenda kwenye jalada kwa haki kabisa. "Kwa maelekezo yako" yanamwambia mpira uko kwake. Nimeona madokezo yenye ombi zuri katikati yakimalizia na "kwa taarifa yako" kwa mazoea tu, na ombi likafa hapohapo.

Kila tarehe ya ombi imeandikwa pamoja na jina la siku. Ukiandika "14 Novemba" peke yake hutagundua kama umeangukia Jumapili au siku ya mnada ambapo nusu ya wajumbe hawapatikani. Novemba wajumbe wengi wako mashambani wanasafisha na kung'oa visiki, kwa hiyo kabla ya kupendekeza siku, wapigie simu na uhesabu akidi kwa majina.

Sentensi ya makisio na ya kutokukopa haikuwekwa kupamba. Mwenyekiti makini swali lake la kwanza ni kama Bodi ina mamlaka na jambo hili. Matumizi yaliyo ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu ni ya Bodi. Kama pengo la Sh 8,400,000 lingezibwa kwa mkopo wa benki, na mkopo huo ukavuka ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis, Bodi isingekuwa na la kuamua zaidi ya kuitisha mkutano mkuu, na ratiba yote hapo juu ingekuwa batili. Jambo hilo ligundulike mezani kwako tarehe 1, si kikaoni tarehe 14.

Rasimu ya azimio iandikwe kwa maneno yatakayoingia kwenye muhtasari bila kubadilishwa: "Bodi imeidhinisha ununuzi wa kilo 800 za mbegu chotara ya alizeti kwa gharama isiyozidi Sh 28,000,000, na imemwagiza Meneja kutoa oda si zaidi ya tarehe 18 Novemba 2025." Bila rasimu, muhtasari huishia kuandikwa "wajumbe walijadili na kukubaliana suala la mbegu lifanyiwe kazi", na benki haitoi fedha kwa sentensi hiyo.

Kuhusu udhaifu wa taarifa, kuna mameneja wanaoona ni busara kuuficha ukurasa wa sita na kuombea usionekane. Mimi nauweka kwenye dokezo, pamoja na namba ya ukurasa. Mjumbe akiuliza kikaoni "mbona bei mbili badala ya tatu?" na Mwenyekiti akawa ndiyo kwanza anasikia, ataahirisha ajenda, na atakuwa na haki. Lakini kuahirisha kwa wiki moja tu kunapeleka mbegu Desemba 12, tena kama msambazaji atakubali bei ileile. Wanachama wengine hawatasubiri: watapanda punje walizobakiza kutoka chotara ya mwaka jana, ambazo hazizai sawasawa na chotara yenyewe, na hasara hiyo itaonekana kwenye mizani msimu wa kuvuna.

Siku hizi Mwenyekiti atalisoma dokezo kwenye simu kabla ya karatasi. Usimtumie faili tupu lenye jina kama `scan0047.pdf`. Bandika aya ya ombi yenyewe kwenye ujumbe wa WhatsApp, ambatisha `Taarifa_Mbegu_Alizeti_2025-11-03.pdf`, na nakala ya karatasi iende kwa dispachi akasaini kupokea. Ukirekebisha taarifa baadaye, badilisha tarehe kwenye jina la faili na useme ni kurasa zipi zimebadilika. Bila hivyo, wajumbe watafika kikaoni na jumla mbili tofauti.

Jioni ya tarehe 6 ikifika bila jibu, mpigie. Akiwa safarini au mgonjwa, angalia masharti yenu yanasemaje kuhusu Makamu Mwenyekiti kuitisha kikao, na umpelekee dokezo lilelile siku hiyohiyo, ukiandika chini yake kwamba Mwenyekiti hakupatikana na ulimtafuta saa ngapi. Nakala yenye mwandiko wa aliyetoa maelekezo ikae kwenye kabrasha la kikao, nyuma ya mwito na mbele ya muhtasari.