Pasipoti inapogeuka rehani: kusoma meseji za mfanyakazi wa ndani na mwajiri wake ng'ambo

Ndugu wa mfanyakazi wa ndani wanaponiletea meseji zake, mara nyingi wananionyesha tusi alilotukanwa. Tusi nalisoma, ila kwanza natafuta kila mahali alipoomba kitu, kisha naangalia alijibiwaje. Ombi la pasipoti likijibiwa kwa deni, au ombi la mshahara likijibiwa kwa pasipoti, hapo nasimama.

Chukua mfano huu. Mkataba ni wa miezi 24, mshahara 1,000 kwa mwezi kwa fedha ya huko, na siku moja ya mapumziko kila wiki. Wiki ya kwanza mwajiri anaandika: "Leta pasipoti, tunashughulikia kibali chako." Meseji hiyo peke yake haina ubaya, maana kibali cha ukaazi kweli huhitaji pasipoti. Mwezi wa pili kibali kimetoka, na mfanyakazi anaandika: "Mama, naomba pasipoti yangu." Jibu: "Iko salama. Unaitaka ya nini?" Sababu ya kuishika imekwisha, lakini bado inashikwa, na mwenyewe anatakiwa ajieleze. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa ndani awe na haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo nautumia kama kipimo, kisha naangalia sheria ya nchi aliko na mkataba aliotia saini.

Kwenye mshahara, chora jedwali dogo: mwezi, kiasi kilichoahidiwa, kilicholipwa, na maneno ya mwajiri. Katika mfano wetu miezi miwili ya kwanza ililipwa yote, wa tatu zikaja 400 na maneno "nyingine nakuwekea", wa nne na wa tano hakikuja kitu. Amefanyia kazi 5,000, amepata 2,400, anadai 2,600. Alipouliza aliambiwa: "Kwanza maliza gharama nilizomlipa wakala." Tazama kwamba deni hili halimo kwenye mkataba, halikutajwa miezi miwili ya kwanza, na hakuna meseji inayoonyesha limepungua kwa kiasi gani. Deni lisilo na hesabu haliwezi kuisha. Mkataba huohuo Na. 189 unataka ada za wakala zisikatwe kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Siku ya mapumziko huonekana kwenye saa za meseji. Mwajiri ameandika "Ijumaa pumzika ukimaliza kazi." Halafu Ijumaa hiyohiyo kuna maagizo saa 12:10 asubuhi, saa 5:40 asubuhi na saa 4:50 usiku. Kipimo ni saa 24 mfululizo kila wiki, na hapa hazipo. Lakini angalia simu iliyotoa nakala ya mazungumzo: ikiwa iko kwa ndugu, katika nchi nyingine, saa zitafuata majira ya simu hiyo, na agizo la usiku wa manane linaweza kuonekana la jioni. Linganisha na picha za skrini za simu yake mwenyewe.

Kisha mwezi wa sita: "Ukitaka kuondoka lipa 6,000, nitakupa pasipoti." Sasa pasipoti, mshahara na deni vimefungwa fundo moja. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaeleza kazi ya kulazimishwa kuwa ni ile inayotozwa kwa tishio la adhabu, ambayo mtu hakujitolea kwa hiari. Kuzuiliwa hati, kunyimwa mshahara na kufungwa kwa deni ni miongoni mwa dalili 11 ambazo shirika hilo limeziorodhesha.

Ninaomba sana tusilichukulie "sawa mama" kuwa ridhaa. Soma kilicho kabla yake. Mara nyingi utaona ombi, kisha alama ya simu iliyopigwa kwa dakika chache, kisha mfanyakazi anaandika "Samahani mama, sitauliza tena." Yaliyosemwa kwenye simu hayakuandikwa, lakini matokeo yake yapo. Muulize yeye, polepole, aliambiwa nini. Vilevile kuwa mwangalifu na meseji zilizopita kwenye programu ya kutafsiri: weka maneno ya asili kando ya tafsiri, maana "nitaitunza" na "nitaizuia" huweza kutoka neno moja.

Usimwambie aandike ombi jipya ili upate ushahidi. Mwajiri anaweza kuikagua simu, kuichukua au kumfungia ndani. Kwanza ujue kama simu inashikwa na mtu mwingine, na ni saa ngapi anaweza kuzungumza. Picha za skrini zionyeshe namba ya mwajiri na tarehe, jumbe za sauti zihifadhiwe zenyewe bila kukatwa, na mazungumzo yatolewe yote, yakiwemo yanayomsema vizuri mwajiri. Nakala ikishafika salama, azifute picha hizo kwenye simu yake. Ubalozi au mkaguzi wa kazi apewe jedwali la mishahara pamoja na meseji ya 6,000 juu kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini hawezi tu kuondoka.