Mapovu Makubwa katika Kapuchino: Tusimlaumu Mwuza Maziwa Kabla ya Kukagua Jagi

Migahawa yenye mashine za espreso imeanza kuzoeleka hapa Mtwara mjini, na pamoja nayo yamekuja malalamiko ambayo maabara yetu ya maziwa haikuyazoea. Wenye migahawa wanatuletea maziwa wakidai kwamba yametiwa sabuni, kwa sababu yakipigwa mvuke kwa ajili ya kapuchino yanatoa mapovu makubwa yanayopasuka kabla kikombe hakijafika mezani. Wengine wanaongeza kwamba yananuka sabuni kweli. Hilo la harufu tunalichukulia kwa uzito na nitalirudia, lakini mapovu peke yake si ushahidi wa uchakachuaji, na haifai kumkatia mfugaji biashara yake kwa hoja hiyo.

Kwanza, tahadhari ambayo haina mjadala. Mvuke wa mashine hauyafanyi maziwa mabichi kuwa salama. Ili kuua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba, maziwa yanahitaji kukaa kwenye nyuzi joto 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, ilhali maziwa ya kapuchino hufikia nyuzi 60 na kidogo na kuondolewa papo hapo. Anayetumia maziwa ya mfugaji ayachemshe kwanza, ayapoze haraka katika maji baridi, ayachuje utando, kisha ayaweke kwenye friji.

Povu la kapuchino ni hewa iliyoingizwa na mvuke na kushikwa na protini za maziwa, ambazo hukimbilia kwenye ukingo wa kila kipovu na kuufanyia ngozi nyembamba. Si mafuta yanayoshika povu, ingawa wengi wanaamini hivyo na kudai maziwa mazito zaidi. Mafuta yanaleta ladha na ulaini mdomoni, lakini kwa povu lenyewe mara nyingi ni kikwazo. Hewa ikiingia kidogo kidogo wakati maziwa yana baridi, vipovu huwa vidogo mno na protini hupata muda wa kuvifunika. Ikiingia nyingi kwa pamoja, au ikichelewa, vipovu huzaliwa vikubwa na ngozi yake huwa dhaifu. Tena, shinikizo la hewa ndani ya kipovu kidogo ni kubwa kuliko ndani ya kipovu kikubwa, kwa hiyo hewa huhama polepole kutoka kidogo kwenda kikubwa. Ndiyo maana povu lililoachwa dakika chache huchakaa hata kama lilipigwa vizuri, na kulipiga mvuke tena hakulirudishi.

Tuchukue mfano wa mgahawa mmoja ulioleta malalamiko haya. Maziwa yao yalipita vipimo vyetu vyote. Tulipowaomba watuoneshe kazi yao, tuliona chupa ya maziwa ikikaa juu ya kaunta tangu asubuhi, na kwa joto la pwani yetu yalikuwa yamefika nyuzi 26. Mashine yao huchukua takribani sekunde 20 kupandisha mililita 150 za maziwa kutoka nyuzi 5 hadi nyuzi 62. Hewa inapaswa kuingia kabla maziwa hayajafika nyuzi 37 hivi, yaani kabla jagi halijawa na joto la mkono wako. Maziwa yaliyotoka kwenye friji yanakupa nyuzi 32 za kufanyia kazi hiyo, ambazo ni kama sekunde 11. Maziwa ya kaunta yanakupa nyuzi 11 tu, yaani sekunde 4, na mpigaji aliyekwisha kuzoea hesabu ya sekunde 11 anaendelea kuingiza hewa ndani ya maziwa ambayo tayari ni moto. Isitoshe, kati ya nyuzi 20 na 30 mafuta ya maziwa yameganda nusu tu, na vipande vyake vilivyoganda hutoboa ngozi za vipovu. Mgahawa ule haukuhitaji kubadili mwuzaji. Ulihitaji kuyarudisha maziwa kwenye friji kila baada ya kumimina, na jagi pia.

Upigaji wenyewe uende hivi. Fungulia mvuke hewani kwa sekunde mbili ili maji yaliyokusanyika ndani ya bomba yatoke. Jagi lisizidi nusu. Ncha ya bomba izame kidogo tu chini ya uso wa maziwa, pembeni kidogo ya katikati, kisha fungua mvuke kwa nguvu kamili. Shusha jagi polepole hadi usikie mchirizo mfupi mfupi; sauti ya kububujika na maziwa yanayoruka ni dalili kwamba ncha imetoka nje, na hapo ndipo mapovu makubwa yanapozaliwa. Maziwa yakiongezeka kwa karibu theluthi moja hadi nusu ya ujazo wake, zamisha ncha sentimita moja hivi na uliinamishe jagi hadi maziwa yazunguke. Mzunguko huo hauongezi hewa. Kazi yake ni kuvichana vipovu vikubwa kuwa vidogo na kuvichanganya na maziwa. Anayeuruka hupata povu kavu juu na maziwa matupu chini.

Funga mvuke kipimajoto kinaposoma nyuzi 60, kwa kuwa joto huendelea kupanda kidogo baada ya hapo. Usipite nyuzi 65. Kuanzia kama nyuzi 70 protini huharibika umbo, harufu ya maziwa yaliyopikwa hujitokeza na povu hukauka. Tunajua kuna wateja wanaodai kapuchino ichemke kama chai; ni haki yao, lakini mapovu yatakayofuata si kosa la mfugaji. Maziwa yaliyofaulu yanang'aa kama rangi mbichi ya mafuta, na jicho halioni kipovu hata kimoja juu yake.

Sasa harufu ya sabuni. Maziwa mabichi yanayosafirishwa kwenye dumu lisilojaa, juu ya pikipiki, katika barabara mbovu, husukwasukwa hadi ngozi za matone ya mafuta zipasuke, na kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa huyavunja mafuta hayo kuwa asidi. Asidi hizo zina harufu inayofanana kabisa na sabuni, na huzisukuma protini kutoka kwenye ukingo wa kipovu, hivyo povu hutoka kubwa na kufa upesi. Maziwa kama hayo hayakutiwa kitu. Kuyachemsha mapema huzuia uharibifu usiendelee, lakini hakuondoi asidi zilizokwisha kutokea. Dawa yake ni kujaza dumu hadi shingoni, kuyapoza maziwa mara baada ya kukamua, na kuyachemsha siku hiyo hiyo.

Jaribio la spiriti, ambalo wengi sasa wanalifanya wenyewe, halitakuonesha tatizo hili. Mililita 2 za maziwa zinachanganywa na mililita 2 za spiriti ya asilimia 70. Yakigandamana, yana uchachu au hayastahimili joto. Laktomita nayo inapima uzito wa maziwa ili kubaini maji yaliyoongezwa, na husomwa kwenye joto lake maalumu. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachopima sabuni, kwa hiyo tusitumie majibu yake kumtuhumu mtu.

Aliyetimiza yote hayo na bado ana shaka alete sampuli ya nusu lita, ikiwa bado mbichi, haijachemshwa wala kupigwa mvuke, katika chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto bila sabuni, kilichofunikwa na kuwekwa kwenye barafu. Kiandikwe tarehe, saa ya kupokelewa na jina la mwuzaji. Kuongeza kitu katika maziwa ya kuuza ni kosa, na hatua za kisheria hufuata pale maabara inapothibitisha. Sampuli iliyokaa kwenye kaunta, au iliyofika ndani ya chupa iliyowahi kuwa na sabuni ya maji, hatutaipokea.