Chembe Inayofumka Ukutani: Magnesiamu na Kalsiamu Ndani ya Chokaa

Mwenye nyumba mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, alituletea maabara bahasha ya vipande vya plasta. Ukuta wake ulikuwa umepigwa plasta ya chokaa miezi minane nyuma, ukakauka vizuri, ukapendeza. Kisha ukaanza kutoka vishimo vidogo vya mviringo, upana wa senti, kimoja leo, viwili wiki ijayo. Fundi alilaumu chumvi ya bahari, na kwa mji wa kisiwani hilo si wazo baya. Lakini chumvi huuchubua ukuta kwa unga unga, na unga huo huyeyuka ukitiwa majini. Vishimo hivi vilikuwa na umbo la faneli, na chini ya kila kimoja palikuwa na chembe nyeupe, ngumu kidogo, ukubwa wa punje ya mtama. Chembe hiyo ndiyo iliyousukuma ukuta kutoka ndani.

Ili kuielewa inabidi turudi kwenye tanuu. Chokaa ya pwani imechomwa tangu zamani kwa matumbawe, na mawe ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, yameshikanishwa na chokaa ya namna hiyo. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu, CaCO₃. Likipashwa moto hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, huachia kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai, yaani oksaidi ya kalsiamu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za kabonati safi huacha kilo 56 tu, na kilo 44 hupotea hewani. Ndiyo maana jiwe lililoiva vizuri hubaki na ukubwa ule ule lakini ukilinyanyua unashangaa wepesi wake. Lile lisiloiva huwa zito, na kiini chake kikidondoshewa siki au ndimu hutoa povu, kwa sababu kabonati bado imo.

Ila matumbawe hayana kalsiamu peke yake. Mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoyaganda matumbawe baharini hujenga mwili wake kwa kabonati yenye magnesiamu kiasi kikubwa, na yako pia mawe ya chokaa ambayo magnesiamu imeingia ndani yake baadaye. Magnesiamu na kalsiamu ni ndugu: zote ni metali za kundi la pili la jedwali la elementi, pamoja na beriliamu, strontiamu na bariamu. Kila moja hutoa elektroni mbili na kubaki na chaji +2. Wanachotofautiana ni ukubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo ndani ya tanuu.

Ioni ya kabonati ni atomi moja ya kaboni iliyozungukwa na oksijeni tatu, na elektroni zake zimetanda kama wingu. Ioni ya magnesiamu ni ndogo, nusu kipenyo chake ni pikomita 72, huku ya kalsiamu ikiwa 100, ya strontiamu 118 na ya bariamu 135. Chaji ile ile ikikusanyika katika mwili mdogo, mvuto wake kwa jirani huwa mkali. Magnesiamu hulivuta wingu la oksijeni upande wake hadi kifungo kimoja cha kaboni na oksijeni kinalegea; moto kidogo tu, kaboni dayoksaidi inachomoka. Bariamu ni kubwa, mvuto wake umetawanyika, kabonati yake hukaa imara. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka kwenye kundi, ndivyo moto unavyohitajika zaidi: vitabu vya shule hutaja nyuzi 540 kwa kabonati ya magnesiamu, 900 kwa kalsiamu, 1290 kwa strontiamu na 1360 kwa bariamu. Tarakimu hizi hupanda na kushuka kulingana na kiasi cha kaboni dayoksaidi iliyojaa tanuuni, lakini mpangilio haubadiliki. Magnesiamu iliyofungamana na kalsiamu ndani ya jiwe moja hustahimili zaidi ya ile iliyo peke yake, na bado hutangulia kuachia kaboni dayoksaidi.

Hapo ndipo penye tatizo la ukuta wetu. Mchomaji hangojei magnesiamu, anangojea kalsiamu. Kufikia wakati kalsiamu inaiva, oksaidi ya magnesiamu imekwisha kuwa tayari kitambo na inaendelea kuungua bure. Fuwele zake hukua, hushikamana, vinyweleo huziba. Ikitoka tanuuni ni punje iliyofungika ambayo maji hayapati pa kupenya.

Sasa chokaa inazimwa. Oksaidi ya kalsiamu hupokea maji kwa kishindo: kilo moja hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji kutoka joto la kawaida la Mombasa. (Vaa miwani ya kazi. Tone moja la chokaa hai jichoni linaweza kupofusha.) Ndani ya saa chache yote imekuwa haidroksaidi, laini kama siagi. Magnesiamu, hata ikiwa haijaungua kupita kiasi, hutoa joto karibu nusu ya hilo kwa idadi ile ile ya atomi, na ikiungua sana inaweza kukaa wiki au miezi bila kuguswa. Fundi anaiona chokaa imetulia, anachanganya na mchanga, anapiga ukuta. Unyevu wa pwani unafanya kazi yake polepole, na punje ikigeuka haidroksaidi ujazo wake unazidi mara mbili. Haina pa kwenda ila kusukuma plasta nje.

Uvivu huu wa magnesiamu mbele ya maji unaonekana hata kwenye metali zenyewe. Utepe wa magnesiamu ukiwekwa kwenye maji baridi hutoa viputo vichache tu, kwa kuwa haidroksaidi yake karibu haiyeyuki na huufunika utepe kama ngozi. Unahitaji mvuke ili uwake. Kipande cha kalsiamu huzama, hutoa haidrojeni kwa wingi hadi viputo vinakielesha, na maji hugeuka meupe kama maziwa. Strontiamu ina kasi zaidi, na bariamu huzidi zote, maji yake yakibaki maangavu kwa sababu haidroksaidi yake huyeyuka. Kuzitoa elektroni mbili za atomi ya magnesiamu hugharimu kilojuli 2189 kwa moli, za bariamu 1468: zile za bariamu ziko mbali na kiini, zimeshikwa kilegevu.

Tofauti hiyo ya kuyeyuka ndiyo iliyotusaidia kwenye bahasha. Kalsiamu iliyoungua kupita kiasi nayo inaweza kufumka ukutani, kwa hiyo hatukutaka kukisia. Tulizisaga chembe kutoka kwenye kishimo kipya, kabla hewa haijazigeuza kabonati, tukazikoroga katika maji safi na kuchovya karatasi ya pH. Haidroksaidi ya kalsiamu, inayoyeyuka kuliko ya magnesiamu, ingefikisha 12 na zaidi. Karatasi ilisimama kati ya 10 na 11, na unga uliobaki ukayeyuka kwenye siki pasipo povu. Ilikuwa magnesiamu.

Ukuta uliokwisha kupigwa hauna dawa ya haraka. Vishimo huzibwa baada ya kufumka kukoma, maana ukiziba mapema unaziba juu ya punje nyingine zinazongoja. Kwa chokaa isiyotumika bado, tulimshauri fundi aichuje kwa wavu mwembamba baada ya kuizima, kisha ailaze shimoni chini ya maji kwa miezi kadhaa, na kabla ya kupiga ukuta mzima apige kipande cha majaribio na kukifukiza kwa mvuke wa sufuria kwa saa tatu. Chembe iliyobaki inaweza kufumkia hapo.