Kumwomba msambazaji ashikilie bei aliyonukuu baada ya malighafi kupanda: dhana potofu na ukweli

Mnunuzi amepokea nukuu ya bei, yaani kotesheni, ya chupa 40,000 za plastiki kwa bei ya 100 kila moja. (Nitatumia namba bila sarafu, kwa kuwa hesabu ni ileile popote.) Nukuu ni ya tarehe 4 Machi na imeandikwa kuwa ni halali kwa siku 30, yaani hadi tarehe 3 Aprili. Tarehe 20 Machi inaingia barua: chembechembe za plastiki zimepanda kwa asilimia 20, hivyo oda yoyote itakayopokelewa kuanzia tarehe 23 itatozwa 115 kwa chupa. Mnunuzi hawezi kuweka oda leo, kwa sababu idhini ya malipo itatolewa katika kikao cha tarehe 30. Ni katika hali kama hii ndipo dhana kadhaa potofu huwagharimu watu fedha.

Dhana: Nukuu ikiandikwa «halali kwa siku 30», msambazaji hawezi kuigusa.

Jibu linategemea sheria inayotawala biashara hiyo. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kanuni ya jumla ni kwamba aliyetoa bei anaweza kuiondoa wakati wowote kabla haijakubaliwa, hata kama aliahidi kuiacha wazi, isipokuwa kama alilipwa au alipewa kitu cha thamani ili aishikilie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa una msimamo tofauti: ibara yake ya 16 inazuia kuondolewa kwa bei ambayo yenyewe imeonyesha, kwa kutaja muda maalumu au kwa namna nyingine, kwamba haitaondolewa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno «haki» kwenye barua yako, soma masharti ya nukuu hadi mstari wa mwisho. Mara nyingi huko chini, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba bei inaweza kubadilika bila taarifa, na sentensi hiyo moja hudhoofisha sana hoja ya siku 30.

Na kama idhini unayo tayari, usiandike ombi lolote. Tuma oda kwa bei ya 100 kabla ya tarehe 23, kisha hakikisha imepokelewa.

Dhana: Kuomba bei nyingine hakudhuru, wakikataa, utarudi kwenye ile ya kwanza.

Kunaweza kudhuru sana. Katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840, mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, akakataliwa, kisha akasema basi anakubali 1,000. Mahakama iliona kwamba hapakuwa na mkataba, kwa sababu kutaja 950 kulikuwa kumeiua bei ya kwanza. Mnunuzi wetu akiandika «tutalipa 104», huenda ameifuta 100 kwa mkono wake mwenyewe. Kuuliza tu, bila kukataa wala kupendekeza bei nyingine, ni jambo tofauti, na barua inapaswa kulisema hilo waziwazi.

Dhana: Malighafi ikipanda, ushahidi wetu ni kulalamika kwamba ongezeko ni kubwa mno.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nami naona wanunuzi wengi wanaikimbia bila sababu, kwa kuwa inahitaji mizani na dakika chache tu. Chukua chupa 100 za sampuli, uzipime bila vifuniko. Tuseme zina uzito wa kilo 2.5, basi kila chupa ni gramu 25. Ikiwa kilo ya chembechembe ilikuwa 1,600 siku nukuu ilipotolewa, plastiki iliyomo ndani ya chupa moja iligharimu 40. Ikipanda kwa asilimia 20 hadi 1,920, plastiki hiyo sasa ni 48. Mpe msambazaji haki yake ya mabaki yanayopotea kiwandani, tuseme asilimia 5, na ongezeko linafikia 8.4. Kwa hiyo, hata akikuhamishia gharama yote ya malighafi bila kubeba chochote, chupa inafika 108.4. Barua yake inadai 115. Tofauti ya 6.6 haijaelezwa na malighafi, na msambazaji ndiye anayepaswa kuieleza.

Ushahidi huu una mitego. Bei mbili za malighafi unazolinganisha ziwe za daraja lilelile la plastiki na za sarafu ileile, na tarehe ya kuanzia iwe 4 Machi, siku ya nukuu. Msambazaji akianzia mwezi ambao bei ilikuwa chini kabisa, asilimia 20 yake inaweza kuwa kweli na bado ikawa na sehemu ambayo tayari ilikuwa ndani ya ile 100. Kipande cha gazeti kinachosema «plastiki yapanda» hakithibitishi lolote kuhusu chupa yako.

Muulize pia ni lini alinunua chembechembe zitakazotumika kwa oda hii. Anaweza kujibu kwamba hata akitumia akiba ya zamani, atalazimika kuijaza kwa bei mpya. Ni jibu lenye uzito, na si busara kulidharau. Hata hivyo, likishasemwa, mazungumzo yanahamia kwenye kiasi halisi cha akiba.

Dhana: Kutaja tarehe ya uamuzi ni kutisha, afadhali kuandika «tafadhali jibuni mapema».

«Mapema» haina siku. Tarehe inayoheshimika hutokana na ratiba ambayo msomaji anaweza kuihakiki. Chupa zinahitajika tarehe 5 Mei, na kuzitengeneza huchukua wiki 4, kwa hiyo oda haiwezi kuvuka tarehe 7 Aprili. Mnunuzi akijibiwa tarehe 25 Machi, anabaki na siku 13 za kutafuta na kupima sampuli za msambazaji mwingine. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

«Ndugu Meneja wa Mauzo, tumepokea barua yenu ya tarehe 20 Machi. Barua hii si kukataa nukuu yenu ya tarehe 4 Machi, wala si pendekezo la bei nyingine. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi kwamba bei ya 100 itabaki hadi tarehe 31 Machi kwa chupa 40,000. Idhini yetu ya malipo inatarajiwa tarehe 30. Ikitolewa, oda yote pamoja na malipo ya awali ya asilimia 30 itawafikia kesho yake. Tumeambatanisha hesabu ya uzito na bei za malighafi. Tunaomba jibu kabla ya saa 10 jioni, tarehe 25 Machi. Tusipolipata, tutaomba nukuu kwingine tarehe 26, kwa sababu ratiba yetu haituruhusu kungoja zaidi.»

Malipo ya awali hayo si pambo. Kinachomwogopesha msambazaji ni kushikilia bei kwa oda ambayo huenda isije. Fedha zikimfikia tarehe 31, anaweza kuanza kununua chembechembe siku hiyohiyo na hatari hiyo inapungua sana.

Dhana: Tarehe ikipita bila jibu, maana yake wamekubali.

Kimya peke yake si makubaliano. Saa 10 ikipita tarehe 25, chukulia kwamba bei haijashikiliwa, na asubuhi ya tarehe 26 tuma maombi ya nukuu kama ulivyoandika.