P3 haitaji aliyekupiga

"Daktari amekataa kuandika kwenye P3, ile fomu ya polisi ya ripoti ya majeraha, kwamba jirani ndiye aliyenikata panga. Si ameua kesi yangu?"

Hapana. Daktari hakuwepo ulipopigwa. Jina la mshambuliaji huthibitishwa na wewe na mashahidi wako. Maneno yako anaweza kuyanukuu kama maelezo ya mgonjwa, ila hayawi matokeo ya uchunguzi wake.

Chukua mfano wa mtu wa Nyalenda, Kisumu, mwenye jeraha mkononi. Ripoti nzuri itasema: mkono wa kushoto, upande wa nje, sentimita 5 chini ya kiwiko, urefu sentimita 7, kina hadi kwenye msuli, kingo zimenyooka. Kisha inakadiria umri wa jeraha na aina ya silaha: yenye makali. Hapo ndipo daktari anakusaidia kweli. Rungu hupasua ngozi kwa kuiponda, hivyo kingo huchanika ovyo, huwa na michubuko, na ndani hubaki nyuzi za nyama zinazounganisha pande mbili. Ukisema panga na kingo zikaonyesha rungu, wakili wa mshtakiwa ataligundua hilo haraka.

Jeraha likishashonwa, dalili hizo hupotea. Kwa hiyo hifadhi karatasi za matibabu ya siku ya kwanza, maana daktari anayejaza P3 baadaye huzitegemea. Sehemu ya kiwango cha madhara pia ni maoni yake ya kitabibu. Hakimu ndiye anayeamua.